Pembe Zako Umezifungaje? Kikomo cha Vigeu Vitatu kwa Majira ya Tufe

Wiki hii nimetumiwa picha ya karatasi ya jaribio na binti mmoja wa Lindi mjini, anasoma mwaka wa pili chuo. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mwalimu. Jibu langu ni sahihi, sifuri, na bado nimekatwa nusu ya maksi. Hii ni haki?"

Swali lilikuwa hili: onesha kwamba fankisheni ifuatayo ina kikomo (x, y, z) inapokwenda (0, 0, 0).

f(x, y, z) = xyz / (x² + y² + z²)

Alibadili kwenda majira ya tufe bila kosa lolote, ρ² ya chini ikakatana vizuri, kisha akamaliza kwa sentensi moja: "ρ inakwenda sifuri, kwa hiyo kikomo ni 0." Pembeni msahihishaji aliandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili tu: "Pembe je?"

Marahaba, binti yangu. Ni haki. Na anayekwambia hivyo ni mtu ambaye swali hilihili lilimuuma kuliko lilivyokuuma wewe.

Nilipokuwa chuoni, mhadhiri wetu alifundisha vikomo vya vigeu vingi kwa njia moja tu: pita kwenye mhimili wa x, pita kwenye mhimili wa y, pita kwenye mstari y = x, ukiona majibu yanatofautiana sema kikomo hakipo. Siku ya jaribio likaja swali la kikomo ambacho kipo. Mimi nilikuwa nimesoma mwenyewe, usiku, kwenye chumba cha kupanga Chikongola, nikaandika hoja kamili ya tufe pamoja na mpaka wake. Alipiga mstari kwenye ukurasa mzima. Nilipomfuata ofisini alisema majira ya tufe ni ya kuintegreti, hayahusiani na vikomo, na maksi hazikubadilika. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Nimekuwa nikifundisha twisheni hapa Mtwara kwa miaka mingi sasa, na kila kundi jipya la wanafunzi wa kalkulasi naanza nalo kwa swali hilo, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa sahihi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Sasa tuuandike upya, taratibu.

Kwanza, kwa nini zile njia hazitoshi hapa. Kupita njia mbili kunaweza kuthibitisha kwamba kikomo hakipo, basi. Hakuwezi kuthibitisha kwamba kipo, hata ukipita njia elfu. Aliyeingia Mtwara kwa barabara ya Lindi na aliyeingia kwa barabara ya Masasi wanaweza kukubaliana kwa kila kitu kuhusu safari, na wote wawili wasijue lolote kuhusu bahari ilivyo kwa anayekuja na jahazi. Kuthibitisha kwamba kikomo kipo kunataka hoja inayozishika njia zote kwa mpigo, za moja kwa moja na za kupinda.

Hapo ndipo tufe linapokuja. Tunaandika:

x = ρ sin φ cos θ
y = ρ sin φ sin θ
z = ρ cos φ

Hapa ρ ni umbali kutoka chanzo, φ ni pembe kutoka mhimili wa z, na θ ni pembe ya kuzunguka kutoka mhimili wa x. (Vitabu vingi vya fizikia vinabadilishana herufi za pembe mbili. Haidhuru, ila chagua mtindo mmoja ubaki nao.) Faida kubwa ni hii: x² + y² + z² ni ρ² kamili, na kusema nukta inakwenda kwenye chanzo ni sawasawa na kusema ρ inakwenda sifuri. Vitu vitatu vilivyokuwa vinapungua vimegeuka kimoja.

Juu ya sehemu, zidisha x, y na z:

xyz = ρ³ sin² φ cos φ sin θ cos θ

Gawanya kwa ρ²:

f = ρ · sin² φ cos φ sin θ cos θ

Mpaka hapa binti yangu alifika. Kilichobaki ni mstari mmoja, na mstari huo ndio uthibitisho wenyewe. Saini na kosaini ya pembe yoyote haitoki nje ya −1 na 1. Kwa hiyo ukubwa wa kile kipande cha pembe, bila kujali alama yake, hauzidi 1, uwe umechagua φ na θ zipi. Basi:

|f − 0| ≤ ρ

Angalia upande wa kulia. Hakuna φ, hakuna θ. Nukta ikija kwa mstari, ikija kwa kujipinda, ikija kwa kuzungukazunguka mhimili wa z, ukubwa wa f umebanwa chini ya ρ, na ρ inakwenda sifuri. Anayetaka maneno rasmi: akipewa ε yoyote kubwa kuliko sifuri, achukue δ = ε. Kila nukta iliyo mbali na chanzo kwa chini ya δ, isipokuwa chanzo chenyewe, itakuwa na |f| ndogo kuliko ε. Kwisha.

Wengine huniuliza, mbona kwenye chanzo pembe hazina maana? Kweli hazina, lakini kikomo hakiulizi kitu chochote kuhusu chanzo chenyewe. Kinauliza habari za jirani tu, na huko kila nukta ina ρ kubwa kuliko sifuri.

Ukipenda kubana zaidi, inawezekana. Zao la sin θ cos θ halizidi nusu, na sin² φ cos φ hufika kilele pale cos φ ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 3. Ukizidisha vilele hivyo unapata 1/(3√3), karibu 0.192. Maana yake kwenye tufe lenye nusu kipenyo 0.1, thamani ya f haizidi 0.0193 popote. Jaribu nukta yenye x = y = z = 0.0577, ambayo iko umbali wa karibu 0.1 kutoka chanzo: utapata 0.0192. Kilele kiko hapo hapo, kwenye ule mwelekeo ambao x, y na z zinalingana. Kwa ajili ya mtihani mpaka wa 1 unatosha kabisa. Nimeonesha huu ili uone kwamba mpaka ni kitu cha kweli unachoweza kukipima kwa kikokotoo.

Sasa nije kwenye sababu ya ile kalamu nyekundu, maana hapa ndipo ninapowaombeni msikilize. "ρ inakwenda sifuri kwa hiyo jibu ni sifuri" ni sentensi inayosema uwongo kwa fankisheni nyingine. Chukua hii:

g(x, y, z) = xy² / (x² + y⁴ + z⁴)

Ibadili kwa majira yaleyale, kisha ugawanye juu na chini kwa ρ²:

g = ρ sin³ φ cos θ sin² θ / ( sin² φ cos² θ + ρ² (sin⁴ φ sin⁴ θ + cos⁴ φ) )

Juu kuna ρ, sivyo? Shika pembe zozote mbili, zisimamishe, ipunguze ρ. Kama sin φ cos θ si sifuri, chini inabaki na namba iliyosimama na juu inakwenda sifuri, kwa hiyo g inakwenda sifuri. Kama sin φ cos θ ni sifuri, x ni sifuri, juu ni sifuri tangu mwanzo. Kwa kila mstari ulionyooka jibu ni 0. Mwanafunzi mwenye haraka anaandika 0 na kufunga kalamu.

Lakini weka z = 0 na x = y². Chukua y = 0.1, x = 0.01. Juu unapata 0.0001. Chini unapata 0.0001 na 0.0001, jumla 0.0002. Jibu ni 0.5. Sogea karibu: y = 0.01, x = 0.0001. Ni 0.5 tena. Itabaki 0.5 mpaka mlangoni mwa chanzo. Kikomo cha g hakipo.

Kilichotokea ni kwamba pembe haikusimama. Kwenye mkunjo ule θ inajisogeza kuelekea nyuzi 90 kadiri ρ inavyopungua, na cos θ inapungua kwa kasi ileile ya ρ. Sehemu ya chini, ambayo ulidhani ina namba imara ya kuitegemea, nayo inazama pamoja na ya juu. Ukijaribu kuandika |g| ≤ kitu cha ρ peke yake kinachokwenda sifuri, utakwama, na kukwama huko ndiko kunakokupa taarifa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu: msiniambie ρ imekwenda sifuri, niambieni pembe mmezifungaje. Asiyeweza kunijibu hajathibitisha, hata kama jibu lake linafanana na la mwisho wa kitabu.

Kwa hiyo mtazame sehemu ya chini kabla ya yote. Ukishatoa ρ nje, kile kipande cha pembe kilichobaki chini je, kinaweza kufika sifuri mahali fulani? Kama kinaweza, usiandike mpaka kwa mazoea. Fankisheni xyz / (x² + y² − z²) inakupa ρ juu vilevile, lakini chini kunabaki sin² φ − cos² φ, ambayo ni sifuri φ ikiwa nyuzi 45. Karibu na pembe hiyo thamani zinalipuka, hata ukiwa umekaribia chanzo kiasi gani.

Na jambo jingine ninaloliona kila muhula: mtu akisikia majira ya tufe anabandika ρ² sin φ ubavuni. Ile ni ya kuintegreti, inatokana na ujazo. Hapa hatupimi ujazo, tunaandika thamani ya fankisheni kwa majina mapya tu. Ukiiweka, swali limebadilika na jibu haliwezi kuaminika.

Binti yangu aliniuliza pia afanye nini ikiwa chini pana x² + 2y² + 3z², kwa sababu hapo ρ² haitoki safi. Inatoka. Chini panakuwa ρ² mara ( sin² φ cos² θ + 2 sin² φ sin² θ + 3 cos² φ ), na mabano hayo hayapungui 1, kwa sababu kila kizidishio, yaani 1, 2 na 3, ni 1 au zaidi na vipande vitatu bila vizidishio hivyo vinajumlika kuwa 1. Kugawanya kwa kitu kisichopungua 1 hakuwezi kukuza ukubwa, kwa hiyo |xyz| / (x² + 2y² + 3z²) inabaki chini ya ρ kama mwanzo. Aandike mstari huo na sababu yake, na safari hii apeleke karatasi bila wasiwasi.