Akiba sawa, asilimia sawa, mbona malipo yanatofautiana?

"Wakuu, naombeni msaada. Hadi tarehe 31 Desemba mimi na mwenzangu kila mmoja alikuwa na akiba 600,000 na hisa 50,000 kwenye sakosi yetu. Mkutano mkuu umepitisha asilimia 10 kwa akiba na 14 kwa hisa. Yeye kalipwa 67,000, mimi 32,000. Kwa mwaka mzima nilikuwa naweka 20,000 kila mwezi, nikaongeza 240,000 kwa mkupuo mwezi wa Novemba. Nimeibiwa?"

Ndugu yangu, hesabu yako naona imekaa sawa, na nitakuonyesha ilivyofika hapo. Nimekaa kwenye kamati ya usimamizi ya chama chetu kwa miaka kadhaa, na swali hili ndilo lililokuwa likituletea watu mlangoni kila baada ya mkutano mkuu.

Anza na hisa, maana hazina utata. Asilimia 14 ya 50,000 ni 7,000. Wote wawili mmepata hiyo. Kwa hiyo kwenye akiba yeye kapata 60,000 na wewe 25,000, na tofauti yenu yote iko hapo.

Riba ya akiba haihesabiwi kwa salio la siku ya mwisho ya mwaka. Inahesabiwa kwa muda ambao kila fedha imekaa ndani ya chama, kwa sababu ndio muda ambao chama kiliweza kuikopesha na kuvuna riba kwa wakopaji. Mwenzako bila shaka aliingia Januari na 600,000 yake kamili, ikakaa miezi 12. Wewe ukitoa michango ya mwaka na ule mkupuo, unabaki na 120,000 ulizoanza nazo. Hizo tu ndizo zilizofanya kazi mwaka mzima.

Michango yako ya 20,000 kila mmoja una umri wake. Vyama vingi huanza kuhesabu mwezi unaofuata baada ya fedha kuingia, hivyo mchango wa Januari unapata miezi 11, wa Februari 10, mpaka wa Desemba ambao haupati kitu. Jumlisha miezi hiyo yote unapata 66. Zidisha 66 kwa 20,000, gawanya kwa 12: ni 110,000. Ule mkupuo wa Novemba umehesabiwa mwezi mmoja tu, Desemba, kwa hiyo 240,000 yako imekuwa sawa na 20,000 iliyokaa mwaka mzima. Sasa 120,000 na 110,000 na 20,000 ni 250,000, na asilimia 10 yake ndiyo hiyo 25,000.

Lakini uliza jambo moja: sera ya chama chenu inasemaje kuhusu mwezi fedha inapoingia? Kuna vyama vinavyouhesabu mwezi huo huo, na kwa utaratibu huo wewe ungepata 29,000 kwenye akiba badala ya 25,000. Utaratibu wowote kati ya hiyo miwili unakubalika, mradi umeandikwa na umetumika kwa wanachama wote bila kuchagua sura.

Mimi mwenyewe niliumia mahali ambapo watu wengi hawaangalii. Mchango wangu ulikuwa 30,000 kwa mwezi, ukikatwa kwenye mshahara. Mwaka mmoja riba yangu ikaja pungufu kwa 2,500, nikaenda kwa mhasibu nimeshika hati zangu zote za mshahara. Akanifungulia taarifa yangu ya mwanachama, tukaweka karatasi sambamba mezani, akapitisha kalamu kwenye safu ya tarehe. Makato ya Juni, Julai, Agosti na Septemba yote yalikuwa yameandikwa tarehe moja, ndani ya Oktoba. Mwajiri alikata mishahara yetu kwa wakati lakini alikaa na fedha, akazipeleka kwa pamoja. Kwenye hati yangu ya mshahara nilikuwa nimeshachangia, kwenye vitabu vya chama nilikuwa bado, na wakati huo fedha yangu haikuwa ikimzalia mwanachama yeyote. Ukizidisha upungufu huo kwa kila mtu aliyekatwa pale kazini, ni fedha nyingi, na hadi leo jambo lile linaniuma. Kwa hiyo usiishie kwenye jumla. Soma tarehe za kuingia, moja baada ya nyingine.

Sasa hapo chini kuna mchangiaji kakushauri uhamishie akiba kwenye hisa kwa kuwa 14 ni kubwa kuliko 10. Naomba usikimbilie. Hisa ni mtaji wa chama. Akiba utarudishiwa ukijitoa, baada ya muda wa notisi na kama hudaiwi wala hujamdhamini mtu ambaye bado analipa. Hisa kwa kawaida hazirudishwi dirishani, unamhamishia mwanachama mwingine, na mnunuzi humpati siku unayomtaka. Chama kikipata hasara, mtaji ndio unaoguswa kwanza. Isitoshe, kiwango cha mkopo kwa kawaida hupimwa kwa akiba: kama kwenu ni mara tatu, ile 240,000 imekufungulia 720,000 zaidi ya kukopa, na nadhani ndiyo sababu uliiweka.

Hata hizo asilimia, ile 10 na ile 14, zinatoka sehemu tofauti. Riba ya akiba ni gharama ya chama, inatolewa kabla ya kupata ziada. Kinachobaki baada ya gharama zote na fedha inayotengwa kufidia mikopo chechefu ndicho ziada, na humo hutengwa kwanza akiba ya kisheria, ndipo bodi ipendekeze gawio la hisa na mkutano mkuu upige kura. Mkutano unaweza kulipunguza gawio hilo, na mwaka mbaya linaweza lisiwepo kabisa.

Hapo ndipo ningekuomba uangalie kwa makini kuliko hiyo 32,000. Kwenye chama kimoja nilichowahi kuwa mwanachama, asilimia zilipanda miaka mitatu mfululizo, tukapiga makofi. Wakati huo huo foleni ya mikopo iliyopitishwa bila kutolewa ilikuwa inarefuka. Nilipokaa na taarifa ya fedha nikakuta sehemu kubwa ya mapato ni riba iliyoandikwa kwamba wakopaji wanadaiwa, haijalipwa. Ziada ilikuwepo kwenye karatasi tu. Gawio lililipwa kwa fedha taslimu, na fedha hiyo ilikuwa michango mipya ya wanachama. Mwaka wa nne waliotaka kujitoa waliambiwa wasubiri, na mama mmoja aliyestaafu alikuwa anarudi pale ofisini kila wiki na barua yake ile ile mkononi.

Kwa hiyo chukua kitabu cha mkutano mkuu mlichogawiwa, kwenye mizania tafuta mstari wa riba inayodaiwa, uulinganishe na wa mwaka uliotangulia. Kama umekua haraka kuliko mikopo yenyewe, andika barua kwa kamati ya usimamizi uulize ni kiasi gani cha ziada ya mwaka huu kilishapokelewa kama fedha. Kisha omba nakala ya taarifa yako ya mwaka mzima yenye tarehe. Ukikuta mchango wa mwezi wowote umeandikwa miezi miwili baadaye, uweke hapa (ficha jina na namba yako ya uanachama), tuuhesabu pamoja.