Usiitreini modeli kwa maneno yake yenyewe, utajuta

Swali: "Wakuu, nina sentensi 5,000 za Kiswahili, maswali ya wakulima na majibu. Nataka kutrein modeli ndogo, halafu izalishe yenyewe sentensi nyingine, niitrein tena kwa hizo, hivyo hivyo mpaka data iwe nyingi. Inafaa? Na GPU gani inatosha?"

Mkuu simamisha hiyo skripti kwanza. Sisi tulifanya hivyo hivyo, maswali ya wakulima pia, na kilichotuua siyo kuzalisha, ni kwamba kila raundi tulitupa data ya raundi iliyopita tukabaki na mpya tu. Kuna mtu alikuja kutupa semina, kalipwa vizuri, akatuambia data ni data, modeli haijui nani kaandika. Mpaka leo nikikumbuka hiyo kauli damu inachemka, maana hela ya kukodi mashine ilikuwa ya watu walioamini kazi yetu.

Sikiliza kinachotokea. Chukua neno kantangaze, yule mdudu wa nyanya. Tuseme limo kwenye sentensi 1 kati ya zako 5,000. Hata modeli ingeshika uwiano huo bila kosa, ukiiambia izalishe sentensi 5,000 kuna uwezekano wa karibu asilimia 37 kwamba kantangaze haitatokea hata mara moja, ni bahati tu ya kuchota. Raundi inayofuata inasoma hizo sentensi mpya peke yake, kwa hiyo kwake kantangaze hayupo duniani, na kisichokuwepo hakirudi tena. Na hapo ni pale mambo yakienda vizuri kabisa, kwa sababu kila mtu anashusha `temperature` na `top_p` ili sentensi zitoke safi, na hizo mbili zikishuka zinabana na kukata maneno adimu. Kwetu kantangaze akawa "wadudu", mnyauko ukawa "ugonjwa", mwishoni kila mkulima alikuwa anaambiwa apulizie dawa na awaone wataalamu wa kilimo. Kiswahili sanifu kabisa, kimenyooka, hakimsaidii mtu.

Hatukuona mapema kwa sababu data ya kupimia tuliimega kwenye faili lile lile lililozalishwa, basi `loss` ikawa inashuka kila raundi na sisi tunafurahi. Lazima ishuke! Modeli inatabiri maneno ya ndugu yake. Kipimo kiwe sentensi za watu, ambazo modeli haijawahi kuziona, na kila raundi hesabu maneno tofauti, ukitumia idadi ile ile ya sentensi:

```
tr 'A-Z' 'a-z' < raundi1.txt | tr -cs "a-z'" '\n' | sort -u | wc -l
```

Namba ikiporomoka raundi hadi raundi, umeshaanza kupoteza, hata kama sentensi zinasomeka vizuri.

Na hili siyo la kwetu tu. Ilia Shumailov na wenzake walilichapisha kwenye jarida la Nature 2024. Walichukua modeli ndogo inayoitwa OPT-125m wakailisha maandishi yake yenyewe kizazi baada ya kizazi, mwanzo ulikuwa habari za majengo ya makanisa ya zamani, kufika kizazi cha tisa inaorodhesha sungura wa mikia ya rangi tofauti. Walipobakisha asilimia 10 tu ya data ya mwanzo kila kizazi, uharibifu ulipungua sana. Mwaka huo huo watafiti wengine wakaonyesha kwamba ukilimbikiza, yaani data ya watu inabaki na ya mashine inaongezwa juu yake, modeli haiporomoki kama ukibadilisha yote. Kwa hiyo kanuni ni moja: data ya watu haitoki, na kuzalisha unazalisha kutoka kwa modeli iliyosoma data ya watu, siyo kutoka kwa mtoto wa mtoto wake.

Usifikirie pia utakwepa kwa kuchota mtandaoni. Utafiti mwingine wa 2024 ulikuta kwamba kwa lugha zenye maandishi machache, sehemu kubwa ya kilichopo mtandaoni ni tafsiri za mashine. Wenye Kiingereza wana rundo la miaka mingi la kuegemea, sisi kurasa zikijazwa Kiswahili cha mashine, wa kesho anayechota anarudia raundi zetu zile zile bila kujua kwamba yuko kwenye raundi, na maneno ya kwanza kupotea yatakuwa ya wakulima na wavuvi, kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa mara chache.

Fanya hivi leo. Toa sentensi 500 za watu uzifiche kwa ajili ya kupimia, 4,500 zilizobaki ziweke kwenye folda ambayo skripti haina ruhusa ya kuandika, na kila sentensi iwe na safu ya `chanzo`: mtu au mashine. Halafu kabla ya kuzalisha chochote, nenda kwa wakulima ukaongeze hata 300 nyingine, hasa kuhusu magonjwa yaliyotajwa mara moja moja tu kwenye data yako.