Sauti ya Shemeji Kwenye Simu Yangu

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nauza vitenge hapa Malindi. Simu yangu niliiweka irekodi kila anayepiga, na sasa ina mazungumzo ya miaka miwili. Shemeji yangu alichukua mali ya shilingi 85,000 kwa mkopo, akakiri kwenye simu, leo anakana. Nataka wazee wamsikie kwa sauti yake mwenyewe. Lakini katika simu hiyohiyo alinieleza maradhi aliyowaficha ndugu zake, na hakujua kuwa ninarekodi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam, dada yangu. Nianze na jambo ambalo huenda hukulitarajia: kosa lilianza siku ulipowasha kurekodi kila simu, kabla deni halijakuwapo. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Jabir bin Abdillah kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mtu akizungumza neno kisha akageuka, neno hilo ni amana. Wanavyuoni wameeleza kuwa kule kugeuka ni kutazama kama kuna mwingine anayesikia. Hakusema "ficha", ila shingo yake imesema. Kwenye simu hatuioni shingo, lakini mtu akiteremsha sauti, au akauliza "uko peke yako?", maana ni hiyohiyo. Marehemu Sheikh Bakr Abu Zayd wa Saudia aliita kurekodi maneno ya mtu bila idhini wala habari yake kuwa ni khiyana, nami sioni njia ya kulipunguza neno hilo.

Hata hivyo, haki yako haipotei kwa sababu hiyo. Hindi binti Utba alimshitakia Mtume ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, naye hakumkemea kwa kumtaja mumewe kwa aibu. Alimruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Tazama Hindi alivyofanya: alisema lile moja lililomdhuru, na akamwambia yule mwenye uwezo wa kuliondoa. Basi nawe una ruhusa ya kiasi hicho, kwa sababu unazuia mali yako isiliwe.

Kwa hiyo mwite shemeji kwanza, akiwa peke yake, umsikilizishe. Wengi hulipa hapohapo, na huenda mambo yakaishia jikoni kwako. Akiendelea kukana, nenda kwa mzee mmoja au wawili wanaosuluhisha, na wao wasikie sehemu ya deni tu. Yale ya maradhi wasiyasikie. Wewe ulikuwa ndani ya mazungumzo, kwa hiyo hukudukiza; lakini ukimwekea sauti ile mtu asiyehusika, umemfanya yeye kuwa msikilizaji wa maneno ya watu wasiotaka asikie, na katika Bukhari mtu huyo ameahidiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni Siku ya Kiyama.

Ila kumbuka kwamba kukata sauti kuna hatari yake. Ukichukua "ndiyo, nilichukua" ukaacha "lakini nilirudisha nusu", umesema uongo kwa ulimi wa mwenzio. Basi sehemu ya deni isikike mwanzo wake hadi mwisho wake, na faili lenyewe libaki zima kwenye simu, lisiguswe. Tena sauti hii si ushahidi kamili katika sheria ya dini. Sauti huigizwa na huungwa, ndiyo maana naihesabu kuwa ni dalili ya kuunga mkono tu. Ushahidi ni juu yako wewe unayedai, na kiapo ni juu yake anayekana.

Wazee wakishindwa, usimwendee Kadhi. Katiba ya Kenya imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, si madeni ya biashara. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huko utatakiwa hati inayoeleza sauti ilirekodiwa kwa chombo gani na namna gani, kwa hiyo nakala iliyozunguka WhatsApp pekee haitakufaa.

Sasa hizo simu nyingine za miaka miwili, za mama yako, za wateja, za mashoga zako. Zima kurekodi kwa kila simu, kisha uzifute usiku huuhuu, bila kuzisikiliza kwanza. Halafu fungua Google Drive. Nakala zikiwa zimepanda huko, mwanao aliyeingia kwa akaunti yako kwenye simu yake anaweza kuzifungua, na ulichofuta hukaa siku 30 kwenye pipa la taka usipolimwaga mwenyewe. Kadi ya kumbukumbu itoe kabla simu haijaenda kwa fundi. Ile moja ya deni ifungie kwa nambari ya siri unayoijua wewe peke yako, na siku deni litakapolipwa nayo ifute, kwa kuwa sababu ya kuishika imekwisha.

Na mkopo mwingine, andika. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kalamu na mashahidi. Angalau mtumie ujumbe mfupi, "umechukua vitenge kadhaa, bei kadhaa, utalipa tarehe fulani", umwombe ajibu "sawa". Ukitaka kurekodi, mwambie kabla hamjaanza: "Shemeji, hesabu hizi nazirekodi." Akikataa, kata simu uchukue daftari.