Sukari ya mtoto inaposhuka: nusu gramu kwa kila kilo, na njia ya kinywani pale mshipa unapokosekana

Kwa miaka niliyofanya kazi ya utabibu katika kituo cha afya chenye wagonjwa wengi wa malaria, nimeona kwamba watumishi wengi wanaikariri dozi ya glukosi ya mtoto bila shida. Ukiwauliza watakwambia ni mililita 5 kwa kila kilo ya uzito. Kinachowaponyoka ni nusu ya pili ya sentensi hiyo, yaani kwamba mililita hizo ni za glukosi ya asilimia 10, ilhali chupa iliyopo kabatini mara nyingi ni ya asilimia 50, au ni dripu ya asilimia 5. Mtoto wa kilo 12 akipewa mililita 60 za asilimia 50 amezidishiwa mara tano, na akipewa mililita hizohizo kutoka kwenye dripu ya asilimia 5 amepata nusu tu ya anachohitaji. Kwa hiyo mimi hupenda kuwafundisha wenzangu kwa gramu kwanza: nusu gramu ya glukosi kwa kila kilo, kisha mililita zitafutwe kulingana na chupa uliyoishika mkononi. (Chupa ikiandikwa dekstrozi usisite, kwa kuwa ndiyo glukosi hiyohiyo.)

Tuchukue mtoto wa miaka mitatu, kilo 12, aliyeletwa akiwa na degedege na hajitambui, kipimo cha malaria ni chanya na sukari ni 1.8. Kabla ya yote angalia kipimo chako kinasoma kwa milimoli au kwa miligramu, kwa sababu 1.8 ya milimoli kwa lita ni karibu sawa na 32 ya miligramu kwa desilita. Mpaka wa kuanza tiba kwa mtoto ambaye hana utapiamlo mkali ni chini ya 2.5 kwa milimoli, sawa na 45 kwa miligramu. Kwa mwenye utapiamlo mkali tunaanza tangu chini ya 3. Kama stripu zimekwisha na mtoto hajitambui au anadegedeka, mchukulie kuwa sukari imeshuka na umtibu, kwa maana kusubiri kipimo kutoka kwingine kunaweza kuugharimu ubongo wake.

Mtoto huyu anahitaji gramu 6. Glukosi ya asilimia 50 ina gramu 50 katika kila mililita 100, hivyo gramu 6 zimo katika mililita 12. Vuta mililita 12 hizo, changanya na mililita 48 za maji ya sindano, upate mililita 60 za asilimia 10. Uwiano ni sehemu moja ya glukosi kwa sehemu nne za maji, na kwa bomba la mililita 10 ni 2 za glukosi na 8 za maji, ukirudia hadi utimize kiasi. Kama maji ya sindano hayapo lakini dripu ya asilimia 5 ipo, sehemu moja ya asilimia 50 kwa sehemu nane za dripu hiyo hutoa vilevile asilimia 10. Hakikisha kwanza kanula imo ndani ya mshipa, kisha sukuma kwa dakika chache huku ukiutazama mkono.

Sababu ya kuhangaika na kuchanganya ni kwamba asilimia 50 ni nzito mno kwa mshipa wa mtoto. Huuchoma mshipa, na ikivuja nje yake inaweza kuua nyama na ngozi ya mahali hapo. Tena sukari ikipandishwa ghafla kupita kiasi, mwili humwaga insulini na sukari huporomoka upya. Kwa mtoto mchanga tahadhari ni kubwa zaidi: kwake tunatumia mililita 2 tu kwa kilo za asilimia 10, si 5.

Baada ya dakika 30 pima tena, na hapa ndipo nimeona kazi nzuri ikiharibika mara nyingi kuliko popote. Mtoto akifumbua macho, watu hufurahi na kuondoka. Katika malaria kali akiba ya sukari ya ini imeisha, ini lenyewe linashindwa kutengeneza nyingine, na vimelea navyo vinakula, kwa hiyo dozi moja huisha kazi upesi. Ikiwa bado iko chini, rudia kiasi kilekile, kisha mwekee dripu yenye glukosi au mpe maziwa kwa mpira wa puani hadi aweze kula mwenyewe. Anayetibiwa kwa kwinini huangaliwa kwa karibu zaidi, kwani dawa hiyo huchochea insulini.

Kipimo cha pili nacho kina mitego yake. Usichukue damu kwenye mkono unaopitisha glukosi. Na kama mama alimpaka mwanawe sukari mdomoni njiani, vidole vya mtoto huenda vina sukari, na stripu itakuonyesha namba ya kufurahisha isiyo ya kweli. Osha kidole kwa maji, kikaushe, ndipo uchome.

Sasa, mshipa unapokosekana. Mtoto asiyejitambua hapewi kinywaji kwa hali yoyote, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Hata hivyo, kijiko kimoja cha chai cha sukari ya kawaida, kilicholowanishwa kwa tone moja au mawili ya maji na kuwekwa chini ya ulimi, kinaweza kufyonzwa hapohapo. Njia hii imejaribiwa kwa watoto wagonjwa huko Burkina Faso na Mali, na Shirika la Afya Duniani linaitaja kwa hali kama hii. Mlaze kwa ubavu, rudia kila baada ya dakika 20, na endelea kutafuta mshipa. Inaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu mtoto ameimeza mapema, nayo tumboni hufyonzwa polepole. Ukiona amemeza, weka nyingine.

Jeli ya glukosi nayo ina mahali pake, ingawa naona watu wakiitarajia kupita uwezo wake. Kwa mtoto mchanga aliye macho na anayeweza kunyonya, jeli ya asilimia 40 hutolewa nusu mililita kwa kilo: kausha ndani ya shavu kwa shashi, sugulia jeli hapo, kisha mweke kwenye titi mara moja. Mchanga wa kilo 3 atapata mililita moja na nusu. Kwa mtoto mkubwa, hasa mwenye kisukari, jeli humfaa akiwa macho na anaweza kumeza, kwa kiasi cha gramu 0.3 kwa kilo, maana sehemu kubwa yake humezwa na haipiti shavuni kama wengi wanavyodhani. Mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, usitegemee jeli.

Anapopelekwa rufaa, andika kwenye barua saa uliyopima, namba uliyoipata pamoja na kizio chake, asilimia ya glukosi uliyotoa na mililita zake. Barua inayosema tu kwamba mtoto amepewa glukosi humwacha anayempokea bila njia ya kujua kama dozi ilikuwa kamili au nusu. Mpe pia mama sukari na kijiko cha safari, na umwonyeshe kwa mikono yako namna ya kuiweka chini ya ulimi.