Re: Tahadhari za stoo zimezidi

"Nimeweka kiwango cha chini 50 kwa kila bidhaa. Tahadhari zinamiminika, watu wa stoo wameacha kuzisoma."

Habari ndugu. Kwanza angalia mfumo unahesabu nini. Ukihesabu mzigo wa rafuni tu, bidhaa uliyokwisha kuagiza itapiga kelele hadi ifike. Jumlisha mzigo ulio njiani, toa oda za wateja.

Halafu kila bidhaa iwe na kiwango chake. Inayotoka 12 kwa siku, na msambazaji huchukua siku 7, inahitaji 84. Akichelewa huwa siku 3? Ongeza 36, weka 120. Kwa bidhaa hiyo, 50 ni kuchelewa kabisa. Inayotoka 1 kwa siku, 10 zinatosha.

Tahadhari itumwe mara moja kiasi kinapofika hapo, isirudiwe mpaka kiasi kirudi juu ya kiwango.