Barua kwa mwanangu: rangi ya pale mnapokula

"Mama, pale mezani kuta zote ni nyeupe, na watu wakishakula tu wanainuka. Tupake rangi gani ili wakae wazungumze?"

Mwanangu mpenzi,

Paka wekundu wa udongo, ule wa tofali lililochomwa, wenye ukahawia kidogo ndani yake. Nyekundu kali iache. Inachangamsha mwanzoni, lakini ukikaa umeikabili saa nzima macho yanachoka. Kijani kibichi nacho usikizungushe kuta zote, kwa sababu mwanga ukigonga ukuta hurudi na rangi ya ukuta huo na kumwangukia mtu usoni. Kijani kitawafanya wageni wako waonekane wagonjwa, ilhali udongo unaipa ngozi uhai. Mezani watu hutazamana nyuso, kwa hiyo mimi hilo ndilo ninalolipa uzito kuliko yote.

Kabla hujanunua rangi, tazama balbu. Kama boksi lake limeandikwa 6500K, mwanga wake una ubuluu, na wekundu wa udongo utageuka kahawia iliyofifia. Weka ya 2700K, yenye mwanga wa umanjano, uining'inize chini kidogo, kama sentimita 75 juu ya meza, yenye kofia ili isiwachome watu machoni.

Kile kikadi cha rangi cha dukani usikiamini. Nunua kopo dogo kabisa, paka kipande kikubwa cha kadibodi mikono miwili, yaani upake mara mbili, kisha usubiri usiku. Washa taa, mkalishe mtu mbele ya kadibodi hiyo na umtazame uso. Halafu ipeleke kwenye kona, uone rangi ikoje kwenye giza. Ukuta mzima utaonekana umekolea kuliko kadibodi, maana kuta zinazotazamana hurudishiana rangi. Ukiwa na shaka kati ya mbili, chukua iliyopauka zaidi.

Kwa kuwa ukuta wako ni mweupe, anza na praima, ile rangi ya kutangulizia, iliyotiwa kijivu. Rangi nyingi za jamii ya wekundu hazifuniki vizuri. Ukizipaka moja kwa moja juu ya nyeupe, mkono wa tatu utakuta bado mabaka yanachungulia. Mulika tochi ubavuni mwa ukuta, yataonekana yote. Chagua rangi isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa huakisi balbu, ila iwe ya aina inayoweza kufutwa kwa kitambaa, maana nyuma ya viti ndipo uchafu unapoanza.

Dari ibaki nyeupe yenye umanjano kidogo. Na kwa kuwa sehemu yenu ya kulia imeungana na sebule, ikomeshe rangi kwenye kona ya ndani, pale kuta mbili zinapokutana. Ukiikomesha kwenye kona iliyochomoza, kila ukipita utaona ukingo wa rangi umekatika.

Nitumie picha ya kadibodi ukishaipaka, lakini uamuzi ufanye kwa macho yako. Kamera ya simu hujirekebishia rangi yenyewe.

Mama yako