Maandishi kwenye video: yanambakiza mtazamaji au tunajipa moyo?

Kila anayefundisha kutengeneza video atakwambia asilimia 85 ya watu hutazama bila sauti. Takwimu hiyo ni ya 2016, na ilitoka kwa wachapishaji waliokuwa wakizungumzia Facebook tu, wakati video zilipokuwa zinajicheza zenyewe zikiwa kimya. Mwaka uliofuata Facebook ilianza kuwasha sauti yenyewe kwa wasioweka simu sailenti. TikTok ndiyo kabisa, tangu mwanzo imejengwa juu ya sauti. Kwa hiyo swali la maandishi lina majibu tofauti kutegemea video inaonekana wapi.

Mwaka huohuo wa 2016 Facebook walitangaza kwamba, katika majaribio yao, matangazo ya video yaliyowekewa manukuu yalitazamwa kwa muda uliozidi kwa wastani wa asilimia 12. Yaani mtu aliyekuwa anatazama sekunde 10 sasa anatazama kama 11. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko kelele zake.

Mimi nahariri video za wafanyabiashara wadogo, na iliyonifundisha zaidi ni ya fundi simu mmoja wa Kariakoo. Anazungumza mbele ya kamera: "Habari zenu, karibuni tena kwenye ukurasa wetu, leo nataka tuzungumzie simu iliyoingia maji..." Tulitoa matoleo matatu ya video ileile. La kwanza halikuwa na maandishi. La pili lilikuwa na kila neno analosema. La tatu lilikuwa kama la pili, isipokuwa badala ya salamu iliandikwa: "Usiiweke simu kwenye mchele."

Toleo la pili lilipoteza watu mwanzoni karibu sawa na lile lisilo na maandishi. Na kwa nini lisipoteze? Asiyesikia sauti alipewa salamu aisome, na salamu haimzuii mtu kupitisha kidole. Tofauti yake ilianzia mbele kidogo, ambapo waliobaki walitoka polepole zaidi. Toleo la tatu ndilo lililowashika watu sekunde za mwanzo. Nilichoondoka nacho ni kwamba manukuu humsaidia aliyekwisha kuamua kubaki, lakini uamuzi wa kubaki huletwa na mstari wa kwanza. Ni kazi mbili, na ukizibadilisha zote kwa mpigo hutajua ipi imeleta matokeo.

Sasa kwenye kupima, hapa wengi hudanganywa na hesabu. Chukua mfano wa video ya sekunde 40 iliyowafikia watu 1,000. Bila maandishi, 300 wanavuka sekunde ya tatu na wanatazama wastani wa sekunde 20. Yenye maandishi inavusha 450, kwa wastani wa sekunde 16. Ukiangalia wastani wa waliovuka tu, utasema maandishi yameharibu. Lakini jumla ya muda wao ni sekunde 6,000 dhidi ya 7,200. Wastani umeshuka kwa sababu maandishi yamebakiza hata wale wenye hamu ndogo, ambao zamani wangepita. Facebook wenyewe waliwahi kuteleza hapo: mwaka 2016 walikiri kwamba wastani wao ulikuwa umetiwa chumvi kwa sababu waligawanya kwa waliofikisha sekunde tatu tu, wakawaacha wengine nje. Wewe angalia mchoro unaoonyesha watu wanavyopungua sekunde kwa sekunde. Mistari ya matoleo mawili ikilala pamoja mwanzo hadi mwisho, huenda watazamaji wako wanasikia sauti, na maandishi hayakuongeza kitu.

Kuna sababu ya kuyabandika maandishi moja kwa moja kwenye picha badala ya kupakia faili la manukuu la SRT kando, nayo ni WhatsApp. Video ikishapakuliwa na kusambazwa kwenye magrupu, faili la manukuu hubaki nyuma. Ubaya wake ni kwamba ukikosea herufi huwezi kuirekebisha bila kutoa video upya. Halafu WhatsApp hubana ubora, na herufi nyembamba nyeupe juu ya shati jeupe huwa ukungu mtupu. Tumia herufi nene zenye kivuli au kisanduku cheusi nyuma yake.

Mahali pa kuyaweka pia pana maana. Kwa matangazo ya Reels, Meta hushauri asilimia 35 ya chini ya skrini iachwe wazi, maana hapo hukaa jina la akaunti, maelezo na vitufe. Kwenye video ya 1080 kwa 1920 hiyo ni takriban pikseli 670. Manukuu ya chini kabisa, kama tulivyozoea kwenye filamu za televisheni, yanafunikwa. Mimi huyaweka chini kidogo ya kidevu cha mzungumzaji, maneno matatu au manne kwa mstari, kwa sababu "hawakutuambia" peke yake imeshakula nusu ya upana.